Roboti Ndogo, Betri Ndogo: Mota Ipi Izungushe Magurudumu?

Kiyoyozi cha ukutani kikiwashwa, kibao chembamba kilicho mbele yake hufunguka polepole, kisha huanza kupanda na kushuka ili ubaridi ufike kila pembe ya chumba. Katika viyoyozi vingi kibao hicho huendeshwa na mota ndogo ya mviringo, ya rangi ya fedha, yenye nyaya tano. Jina lake la kiwandani ni 28BYJ-48. Hutengenezwa kwa wingi na bei yake ni ya chini, na ndiyo maana leo haikosekani katika visanduku vya kujifunzia elektroniki vinavyouzwa madukani na mtandaoni.

Humo sandukuni hukutana na wenzake wawili. Mmoja ni mota ya brashi iliyofungwa ndani ya gia za plastiki ya njano, maarufu kwa jina la TT, aina iliyozoeleka katika magari ya kuchezea. Wa pili ni SG90, sevo ya buluu yenye uzito wa gramu 9, inayotumika sana kugeuza mikia na mabawa ya ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti. Mota zote tatu, au ndugu zao wa karibu, zinaweza kuzungusha gurudumu la roboti. Anayeanza kujenga huuliza ipi ina nguvu zaidi. Kwa roboti inayobeba betri yake mgongoni, swali hilo halifiki mbali. La maana ni kila mota hula umeme kiasi gani inapofanya kazi nyepesi, kwa kuwa kazi nyepesi ndiyo roboti hufanya karibu muda wake wote.

Ichukuliwe roboti moja ya kawaida ili hesabu iwe na pa kushika. Ina uzito wa gramu 600, magurudumu mawili ya kipenyo cha milimita 65, na kigurudumu cha tatu kinachoburutwa nyuma. Inafuata mstari mweusi kwenye korido. Umeme wake unatoka kwenye betri nne za AA za kuchaji, kila moja volti 1.2, kwa hiyo jumla ni volti 4.8, na ujazo ni miliampea 2000 kwa saa moja. Bodi yake ya ESP32 na vihisi vya mstari vinakula takriban miliampea 100 bila kujali kama roboti inatembea au imesimama.

Kuisukuma roboti hii kwenye sakafu laini si kazi kubwa hata kidogo. Msuguano wa magurudumu yanayobingirika ukikadiriwa kuwa asilimia 5 ya uzito wake, inahitaji msukumo sawa na kuinua gramu 30. Ikienda sentimita 40 kwa sekunde, kazi hiyo ni kama wati 0.12. Betri zile nne zina takriban wati 9.6 kwa saa moja, maana yake kwa hesabu ya karatasini zingeweza kuisukuma kwa saa 80. Roboti halisi yenye mota mbili za TT huishiwa ndani ya saa 4 hivi. Umeme unaopotea hapo katikati ndio unaoamua mota ipi inafaa.

Sehemu kubwa hupotelea ndani ya mota na gia zenyewe. Katika mota ya brashi kuna koili zinazozunguka katikati ya sumaku, nazo hupata umeme kupitia vijiti viwili vinavyogusa shafti inayozunguka. Fundi wa dreli au grainda anavijua kwa jina la kaboni, na akisikia mashine inacheua cheche anajua vimelika. Katika mota ndogo za roboti mara nyingi ni vibapa vya chuma chembamba, lakini kazi ni ileile.

Mota hii ina tabia moja inayoifaa sana roboti ya betri. Inapozunguka, koili zake huzalisha umeme unaopingana na ule wa betri. Ikizunguka kasi, umeme huo wa kupinga hukaribia volti za betri, na mkondo unaopita huwa mdogo. Ikielemewa, kasi hupungua, upinzani hupungua, na mkondo huongezeka wenyewe kiasi cha kazi iliyopo. Hakuna bodi wala programu inayolazimika kuiambia ipunguze ulaji. Mota ya TT ikizungushwa hewani bila mzigo hutumia takriban miliampea 150. Ikibeba nusu ya roboti yetu kwenye sakafu laini hufika 200 hivi. Ikipanda mteremko wa nyuzi 10 hukaribia 450. Roboti ikisimama na umeme wa mota ukakatwa, hutumia sifuri.

Upande wa pili wa tabia hiyo ni mbaya. Gurudumu likikwama kabisa, hakuna mzunguko, kwa hiyo hakuna umeme wa kupinga, na kinachobaki kuzuia mkondo ni ukinzani wa waya wa koili tu. Kwa TT mkondo huo hufika ampea 1 hadi 1.5 kutegemea volti. Kwa muda mfupi sana jambo hilohilo hutokea kila mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama.

Mota ya brashi hudharauliwa kwa sababu ya bei yake na kwa sababu kaboni hulika. Lakini Julai 1997, gari dogo la Sojourner la shirika la NASA lilipoteremka kwenye udongo wa sayari ya Mirihi, lilikuwa na magurudumu 6 na mota 11, zote za brashi, zilizotengenezwa na kampuni ya Maxon ya Uswisi. Sita zilizungusha magurudumu, nne ziligeuza usukani wa magurudumu ya pembeni, na moja ilisogeza kifaa cha kupima miamba. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 10 na ushei, paneli yake ya jua ilitoa kama wati 16 jua likiwa kali, na betri zake hazikuweza kuchajiwa upya. Mwendo wake ulikuwa sentimita 1 hivi kwa sekunde. Lilipangiwa siku 7 likafanya kazi kwa siku 83 za Mirihi, hadi mawasiliano yalipokatika mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Wahandisi waliokuwa wakihesabu kila wati walichagua mota inayokula kulingana na kazi, wakaifunga kwenye gia nyingi ili izunguke kasi huku gurudumu likienda pole.

Hilo la gia lina uzito wake. Mota ndogo ya brashi hutumia umeme vizuri zaidi inapozunguka karibu na kasi yake ya juu, ikibeba sehemu ndogo tu ya mzigo ambao ungeikwamisha. Robo ya mzigo huo ni mpaka mzuri wa kujiwekea. Roboti yetu kwenye sakafu hudai chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ya TT, na kwenye mteremko wa nyuzi 10 hudai kama robo. Kwa hiyo TT inaitosha. Roboti hiyohiyo ikiongezwa uzito hadi kilo 2, mota itapanda mteremko kwa kujikokota, na umeme mwingi utageuka joto. Dawa si kuongeza betri. Dawa ni gia zinazopunguza kasi zaidi.

Sasa ile mota ya kiyoyozi. 28BYJ-48 ni stepa, yaani mota inayokwenda hatua kwa hatua. Haina brashi. Koili zake zimekaa pembeni bila kuzunguka, na bodi ya nje huziwasha kwa zamu, kila zamu ikiivuta sumaku ya katikati hatua moja. Kwa gia zake za ndani zinazopunguza mwendo mara 64 hivi, hatua 2048 hukamilisha mzunguko mmoja wa shafti. Kwa gurudumu letu, hatua moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Programu ikisema hatua 10,240, gurudumu litazunguka mara tano hivi, bila kihisi chochote cha kuhakikisha. Uhodari huo wa kuhesabu ndio huwavutia watu.

Gharama yake haionekani mpaka mtu apime. Kila koili ina ukinzani wa omu 50 hivi. Katika mwendo wa kawaida koili mbili huwaka kwa pamoja, na ukiondoa kiasi kinachopotea kwenye bodi yake ya ULN2003, mota moja hutumia karibu miliampea 160, mbili 320. Namba hiyo haibadiliki sana roboti ikiwa kwenye tambarare, ikiwa mlimani, au ikiwa imesimama tuli ikisubiri amri. Stepa iliyosimama huku koili zikiwaka ni kama bodaboda anayesubiri abiria kituoni huku amevuta akseli mpaka mwisho.

Mtu anaweza kusema 320 ni chini ya zile 400 za mota mbili za TT, kwa hiyo stepa imeshinda. Ukihesabu kwa saa, ni kweli. Ukijumlisha miliampea 100 za bodi, roboti ya stepa itadumu karibu saa 4 na dakika 45, na ya TT saa 4. Lakini 28BYJ-48 kwa volti 5 huzunguka kama mara 15 tu kwa dakika, na kwa gurudumu letu hiyo ni sentimita 5 kwa sekunde. Korido ya mita 20 itachukua karibu dakika 7. TT itaimaliza kwa sekunde 50. Betri zilezile zikitumika hadi mwisho, roboti ya stepa itakuwa imetembea kama mita 850, na ya TT zaidi ya kilomita 5. Ni makadirio, na betri za uzeeni zitatoa pungufu ya hapo kwa roboti zote mbili, ila tofauti ya takriban mara saba inabaki palepale. Kwa roboti ya magurudumu, umeme unapaswa kuhesabiwa kwa mita iliyotembewa.

Kuna namna moja ya kuipunguzia stepa ulaji. Gia zake za ndani zina ugumu wa kutosha kulizuia gurudumu lisirudi nyuma hata umeme ukikatwa, kwa hiyo roboti ikisimama koili zizimwe. Wanaotumia maktaba ya AccelStepper kwenye Arduino wana amri ya kazi hiyo:

```
mota.runToPosition();   // fika unakokwenda
mota.disableOutputs();  // zima koili zote
```

Mstari huo wa pili huokoa mengi. Tuseme roboti inasogea sekunde 10 katika kila dakika, halafu inasimama sekunde 50 kupima joto la chumba. Bila mstari huo, ulaji wa wastani ni miliampea 420 na betri zinakwisha kabla ya saa 5. Ukiwapo, wastani unashuka hadi kama 155 na betri zinakaribia saa 13. Kabla ya kusogea tena, `enableOutputs()` huzirudisha koili kazini.

Kwa hiyo stepa si mota mbaya, ila ina kazi yake. Roboti ya kuchora, ile inayobeba kalamu tumboni na kuburuta mistari kwenye karatasi, inahitaji kujua milimita na haihitaji mbio. Hapo 28BYJ-48 mbili zinatosha kabisa. Tatizo huja pale mtu anapoona ni polepole akaamua kupanda ngazi hadi stepa kubwa ya NEMA 17, ile ya kwenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Mota moja ya aina hiyo kwa kawaida ina uzito unaokaribia gramu 300, kwa hiyo mbili zinalingana na roboti yetu nzima. Nyingi hutaka ampea 1 na zaidi kwa kila koili, na bodi ya A4988 inayoziendesha haianzi kazi chini ya volti 8. Betri nne za AA hazifiki hapo.

Stepa pia hukosea kimyakimya. Ikipewa amri ya kuanza kwa kasi kubwa mno, au gurudumu likigonga kizingiti, sumaku hushindwa kuifuata zamu ya koili. Programu inaendelea kuhesabu hatua ambazo hazikupigwa. Dalili yake husikika: mota inanguruma na kutetemeka lakini gurudumu halisogei. Tiba ni kuanza taratibu na kuongeza kasi kidogo kidogo.

Sevo ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi kati ya zote tatu. Ukiifungua SG90 utakuta mota ndogo ya brashi, gia za plastiki, rezista ya kugeuka inayoipima pembe, na kibodi kidogo cha kuamua mota izunguke upande gani. Programu huipelekea mpigo mfupi wa umeme mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 huipeleka katikati, mfupi zaidi huipeleka upande mmoja, mrefu zaidi upande wa pili. Shafti yake haizunguki mzunguko mzima. Huishia takriban nyuzi 180. Kwa magurudumu haifai.

Ndugu yake FS90R hufaa. Kwa umbo ni karibu sawa, ila kile kifaa cha kupima pembe kimeondolewa kazini, hivyo sevo haijui tena iko wapi, na mpigo uliokuwa ukiamua pembe sasa unaamua mwelekeo na kasi. Kwa maneno mengine, mnunuzi amepata mota ya brashi, gia na bodi ya kuendeshea, vyote katika kijisanduku cha gramu 9 chenye nyaya tatu. Ulaji wake unafanana na wa mota ya brashi kwa sababu ndivyo ilivyo: kama miliampea 100 bila mzigo, 150 hivi ikisukuma roboti nyepesi, na zaidi ya 500 ikikwama. Kwa magurudumu ya milimita 60 huenda kama sentimita 25 kwa sekunde. Umbali wa chaji moja unakaribia ule wa TT.

Kinachokera ni kusimama. Mpigo wa milisekunde 1.5 unatakiwa kuisimamisha kabisa, lakini sevo mbili hazilingani, na joto huzisogeza. Roboti iliyoambiwa isimame huendelea kutambaa pole upande mmoja, huku mota ikila umeme. FS90R ina skrubu ndogo ya kurekebishia: roboti iwekwe juu ya kopo ili magurudumu yaelee, itumwe amri `writeMicroseconds(1500)`, kisha skrubu igeuzwe taratibu hadi gurudumu litulie. Njia ya uhakika zaidi ni kuacha kutuma mipigo kabisa, kwa amri ya `detach()`. Na kwa kuwa sevo mbili hufungwa zikitazamana, ili roboti iende mbele moja hupewa mpigo mrefu na nyingine mfupi. Wengi huisahau hiyo, na roboti yao ya kwanza huzunguka mahali pamoja.

Gia za plastiki za sevo hii hazikuundwa kubeba mzigo wa pembeni. Roboti ya gramu 300 itadumu nazo. Yetu ya gramu 600 iko kwenye mpaka, na ikidondoshwa mara moja tu meno ya gia huweza kukatika.

Baada ya mota huja kinachoiendesha, na hapa ndipo umeme mwingi huibwa pasipo mtu kujua. Bodi nyekundu ya L298N, yenye bamba kubwa jeusi la kupoozea joto, huuzwa pamoja na mota za TT kana kwamba ni mtu na mkewe. Chipu yake ni ya muundo wa zamani wa transista ambazo hujikatia kiasi cha volti 1.5 hadi 2 kabla ya umeme kufika kwenye mota. Betri ikiwa ya volti 12, hasara hiyo inavumilika. Ikiwa ya volti 4.8, mota inabakiwa na kama volti 3 tu, na zaidi ya theluthi moja ya umeme imeishia kulipasha joto lile bamba. Bodi ya TB6612FNG, au DRV8833, hutumia transista za aina nyingine zenye ukinzani mdogo sana. Kwa mkondo wa miliampea 200, hasara yake ni kama sehemu ya kumi ya volti. Hakuna badiliko jingine la bei ndogo linaloiongezea roboti ya TT umbali kama hili.

Betri ya mraba ya volti 9, ile ya redio na vigunduzi vya moshi, nayo iepukwe. Ujazo wake ni miliampea 500 hivi kwa saa moja, na ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Mota mbili zikianza kwa pamoja, volti zake huporomoka.

Kuporomoka huko ndiko huwachanganya wanaoanza kuliko kitu kingine. Roboti inawashwa, taa inawaka, magurudumu yanashtuka kidogo, kisha kila kitu kinazima na kuanza upya, tena na tena. Mjenzi hulaumu programu. Lakini akiiunganisha ESP32 kwenye kompyuta, ataona maneno haya kwenye skrini:

```
Brownout detector was triggered
```

Bodi inasema volti zimeshuka chini ya kiwango chake ikaamua kujizima. Betri haijaisha. Mota mbili za TT zilipoanza zilivuta zaidi ya ampea 2 kwa muda wa kufumba na kufumbua, na betri dhaifu, waya mwembamba au springi yenye kutu ndani ya kishikio cha betri vikashindwa kuupitisha mkondo huo. Njia ya kwanza ya kulitibu ni ya programu: mota ianze kwa umeme kidogo na kufika kasi kamili baada ya robo sekunde hivi. Ya pili ni kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 karibu na bodi ya mota. Ya tatu, iliyo ya uhakika zaidi, ni kuipa ESP32 betri yake, mradi nyaya za hasi za betri zote mbili ziunganishwe pamoja.

Sevo na stepa ndogo hazisumbui sana kwa hili, na hiyo ni hoja ya kweli upande wao.

Hoja nyingine dhidi ya mota ya brashi ni kwamba haiendi moja kwa moja. Mota mbili za TT kutoka mfuko mmoja, zikipewa umeme uleule, hazizunguki sawa. Tuseme gurudumu moja limeuzidi mwenzake kwa asilimia 5, na nafasi kati ya magurudumu ni sentimita 13. Baada ya mita 2 roboti itakuwa imekata kona ya nyuzi 44. Kwa roboti inayofuata mstari si tatizo, kwa sababu vihisi vyake huirekebisha kila wakati. Kwa roboti inayotakiwa kwenda mita 2 gizani na kusimama mahali palepale kila mara, ni tatizo kubwa.

Jibu lake ni kihesabu mizunguko. Cha bei ndogo kabisa ni kisahani chenye matundu 20 kinachopita mbele ya kijicho cha mwanga. Kwa gurudumu letu, kila tundu ni sentimita 1 ya safari. Programu hulinganisha hesabu ya kushoto na ya kulia na kumpunguzia umeme anayekimbia. Kisahani hicho hakiwezi kujua gurudumu linarudi nyuma au linakwenda mbele, na vumbi na jua kali huvichanganya vijicho vyake. Mota za N20, zile ndogo zenye gia za chuma, hupatikana zikiwa na kihesabu cha sumaku mgongoni, chenye vihisi viwili vinavyotambua hata mwelekeo. Kihesabu hukaa kwenye shafti ya mota kabla ya gia, hivyo mzunguko mmoja wa gurudumu hutoa mamia ya hesabu. Ubora wa stepa wa kujua umbali unapatikana hapo, tena kwa njia iliyo salama zaidi: kihesabu hueleza gurudumu lilivyozunguka kweli, wakati stepa hueleza lilivyoamriwa kuzunguka.

N20 inataka jicho la mnunuzi. Kwa nje zote zinafanana, lakini ndani kuna aina za mkondo mdogo ambazo zikikwama hazifiki nusu ampea, na aina za nguvu kubwa ambazo zikikwama hufika ampea 1.5. Kwa betri nne za AA, ya kwanza ndiyo sahihi. Gia ya 1:100 huipa roboti kama yetu mwendo wa kutosha, na bado mota yenyewe inabaki ikizunguka kasi inakopenda.

Uamuzi kwa roboti ya korido basi ni huu: mota mbili za N20 za mkondo mdogo zenye kihesabu cha sumaku, bodi ya DRV8833 au TB6612FNG, na kapasita ya nanofaradi 100 iliyolehemiwa kwenye ncha za kila mota ili cheche za brashi zisivuruge vihisi. Bajeti ikibana, TT na kisahani cha matundu zitafanya kazi hiyohiyo kwa upole kidogo. FS90R ni kwa roboti nyepesi ya mtoto wa shule ambaye anataka kuiona ikitembea jioni ileile. SG90 ibaki kwenye mkono wa kushikia vitu, na irushiwe mipigo pale tu inapohitajika, kwa maana sevo inayoshikilia mzigo hutetemeka na kula umeme hata ikionekana imetulia. Stepa ya kiyoyozi ni ya kuchora.

Na ukiwa dukani, usiridhike na maandishi ya «volti 6, mizunguko 200». Uliza mota inakula kiasi gani ikikwama. Muuzaji asipojua, weka multimita kwenye kipimo cha omu na ushike ncha mbili za mota ya brashi, ukiigeuza shafti kidogo kidogo kwa kidole hadi upate namba ndogo kabisa. Gawa volti za betri yako kwa namba hiyo. Ukipata omu 4 kwa betri ya volti 4.8, mota hiyo itavuta ampea 1.2 ikikwama, na ziko mbili. Kama betri yako na bodi yako haviwezi kutoa ampea 2.4 kwa sekunde moja bila kuyumba, irudishe kabatini uombe ya mkondo mdogo.